Salio lipo, mbona pesa hazitoki?

Wakala yeyote wa M-Pesa aliyekaa dirishani mwaka mmoja amewahi kugombezwa kwa kosa lisilo lake. Mteja anataka kutoa laki tatu. Salio lake ni laki tatu na nusu na zaidi, ameliangalia mara mbili kabla ya kufika. Anaingiza namba ya wakala, kiasi, namba ya siri, anasubiri. Ujumbe unarudi kwamba muamala haukufaulu. Anajaribu tena, haufaulu tena. Hapo anamkazia macho aliye dirishani: "Pesa zangu, salio hili hapa, sasa wewe umefanya nini?"

Wakala hajafanya kitu, na salio kweli lipo. Ila salio linajibu swali moja tu kati ya maswali kadhaa ambayo mtambo hujiuliza kabla ya kuachilia pesa. Mengine yote hayajali una kiasi gani.

Nitatumia M-Pesa ya Kenya kama mfano. Msomaji wa Tanzania au kwingine atakuta tarakimu tofauti, na huenda vikomo vyake vinategemea pia daraja la usajili wa laini yake, lakini namna mtambo unavyopima ni ileile.

Maswali ambayo mtambo hujiuliza

Wanaounganisha mifumo ya biashara na M-Pesa hupitia lango la waandishi wa programu liitwalo Daraja. Huko muamala ukikataliwa hurudi na namba ya sababu, na hizi tano ndizo zinazotuhusu:

```
1  Insufficient Funds
2  Less Than Minimum Transaction Value
3  More Than Maximum Transaction Value
4  Would Exceed Daily Transfer Limit
8  Would Exceed Maximum Balance
```

Namba 1 ndiyo kila mtu anaijua: salio halitoshi. Namba 2 ni kiasi kidogo mno, maana kwa wakala huwezi kutoa chini ya shilingi 50. Namba 3 inasema kiasi ulichoandika kimepita kikomo cha muamala mmoja. Namba 4 inasema muamala huu ukikubaliwa, jumla yako ya leo itavuka kikomo cha siku. Namba 8 inamhusu anayepokea: akipewa pesa hizi, akaunti yake itafurika.

Angalia kwamba ni ya kwanza peke yake inayogusa salio lako. Unaweza kufaulu hiyo na ukaanguka kwenye ya tatu au ya nne. Angalia pia kwamba katika ya nne na ya nane mtambo hauhesabu ulipofika, unahesabu utakapofika muamala ukishapita. Ndiyo maana mtu anakataliwa huku akiapa kwamba hajavuka kikomo chochote. Ni kweli hajavuka. Alikuwa karibu kuvuka.

Sasa tarakimu zenyewe. Muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000. Jumla ya miamala ya siku haizidi 500,000. Akaunti haiwezi kubeba zaidi ya 500,000. Viwango hivi vimekuwa vikipanda. Kabla ya Machi 2020 muamala mmoja ulikomea 70,000. Wakati wa korona Benki Kuu ya Kenya ilitaka watu wapunguze kushikana noti, ukafika 150,000, na kikomo cha siku pamoja na cha salio vikawa 300,000. Agosti 2023 hivyo viwili vilipandishwa hadi 500,000. Nataja historia hii kwa sababu moja ya kila siku: bango lililobandikwa ukutani kwa wakala mara nyingi limepauka na kona zimekunjika, na mtu anaweza kubishana nusu saa akinyooshea kidole tarakimu iliyokufa miaka iliyopita.

Shilingi 309 zinazosahaulika

Kabla ya kufika kwenye vikomo, kuna kikwazo kidogo kinachowakwamisha wengi kuliko wanavyodhani. Ukitoa kwa wakala kiasi chochote kati ya 50,001 na 250,000, ada ni shilingi 309, na ada hiyo hukatwa juu ya unachotoa, haitoki ndani yake. Mwenye salio la 250,000 kamili hawezi kutoa 250,000. Anahitaji 250,309. Kwa hiyo anaambiwa salio halitoshi huku anaona tarakimu ileile aliyoiandika, na hapo hasira hupanda bure.

Ada hiyo ina tabia nyingine inayofaa kujulikana. Kwa kuwa ni 309 iwe unatoa 60,000 au 250,000, kuvunja kiasi kikubwa vipande vipande kunagharimu. Ukitoa 250,000 kwa mkupuo unalipa 309. Ukizitoa kwa mafungu matano ya 50,000, kila fungu lina ada ya 278, jumla 1,390. Wapo mawakala wanaomshauri mteja avunje hata pale ambapo muamala mmoja ungepita, kwa sababu kila muamala una kamisheni yake. Sisemi wote. Lakini ukiambiwa "tugawe," uliza kwanza sababu.

Siku moja ya muuza vitunguu

Kikomo cha siku ndicho kinachowachanganya watu zaidi, na hakieleweki mpaka upige hesabu ya siku nzima. Tumchukue mama anayeuza vitunguu kwa jumla Kongowea, Mombasa. Anaamka na salio la 210,000.

Saa mbili asubuhi anamtumia mkulima 130,000. Ada ya kutuma ni 108, anabaki na 79,892. Kuanzia hapo mpaka saa tano wateja wake wa mahoteli na wa rejareja wanalipa, jumla 345,000, salio linapanda hadi 424,892. Saa sita mchana anamlipa mwenye lori 160,000 kwa kumtumia kwenye simu, ada 108 tena, anabaki na 264,784. Saa tisa zinaingia 95,000 nyingine. Salio: 359,784.

Saa kumi yuko kwa wakala. Alfajiri lori linaenda Loitokitok kuchukua mzigo, na wakulima wa kule wanataka noti mkononi. Anaandika 300,000. Inakataliwa, na hii ni rahisi: imepita 250,000 ya muamala mmoja. Wakala anamwambia, "Mama, andika laki mbili na nusu, nyingine tutoe baadaye." Anaandika 250,000. Salio lipo, ada ipo, kikomo cha muamala kimeheshimiwa. Inakataliwa.

Hapa ndipo wengi hufikiri mtandao umekwama, wakaanza kuzima simu na kuiwasha. Lakini hesabu imetimia sawasawa. Tangu asubuhi zimetoka kwake 130,000 na 160,000, yaani 290,000. Ukiongeza 250,000 unapata 540,000, na kikomo ni 500,000. Nafasi iliyobaki kwa leo ni 210,000 tu, hata angekuwa na salio la kujaza akaunti mpaka ukingoni. Wakala mwenye uzoefu angeuliza swali moja: "Leo umetuma ngapi?" Akiambiwa, anapiga hesabu kichwani na kusema, "Basi chukua laki mbili." Mama anaandika 200,000, inapita. Anabaki na 159,475 kwenye simu, na nafasi ya kama elfu kumi tu mpaka siku igeuke.

Mfano huu una jambo ambalo sijaona likielezwa mara nyingi. Kwa kuwa salio la juu kabisa na kikomo cha siku ni tarakimu moja, 500,000, mtu aliyeamka na pesa zake na hakupokea kitu siku hiyo hawezi kamwe kugonga kikomo cha siku. Pesa zitamwishia kabla. Anayekigonga ni yule ambaye pesa zinaingia na kutoka mchana kutwa: muuza jumla, mweka hazina wa chama siku ya mgao, mtu anayekusanya michango ya harusi au ya mazishi. Salio la jioni halimwambii chochote, kwa sababu pesa zinazoingia hulijaza salio lakini hazirudishi nafasi iliyokwisha kutumika. Ni kama ndoo na bomba. Ndoo inaweza kujazwa tena na tena, lakini bomba lina mita yake, na mita hairudi nyuma.

Mita hiyo haibagui njia. Kutoa kwa wakala, kumtumia mtu, kulipia bidhaa, kuhamishia benki, vyote husomwa pamoja. Hapa ndipo ujanja wa kawaida unapofeli. Mama yetu anasema, "Basi nimtumie baba watoto laki moja, atoe yeye kwa laini yake." Inakataliwa pia, kwa sababu kumtumia mumewe kunapita kwenye bomba lilelile. Akienda kwa wakala mwingine ng'ambo ya barabara, vilevile. Kikomo kimeshika akaunti yake, hakikushika dirisha. Akimwacha wakala na kujaribu mashine ya benki, hadithi ni hiyohiyo.

Na hata angekuwa na nafasi, mumewe angeweza kuwa ndiye kikwazo. Kama akaunti ya mume tayari ina 430,000, haiwezi kupokea laki moja juu yake. Mtumaji anaona amekataliwa na kudhani shida iko kwake, kumbe ndoo ya mwenzake imejaa.

Floti na noti si kitu kimoja

Kuna kukataliwa kwingine ambako mtambo haujui habari zake. Unamwambia wakala unataka laki mbili, anakujibu, "Leo sina floti." Neno hilo limezoeleka, lakini kwa mtu anayetoa pesa huwa halina maana yake halisi. Floti ni pesa za kielektroniki zilizo kwenye akaunti ya wakala. Unapoweka pesa, anakupa floti na kupokea noti. Unapotoa, inakuwa kinyume: floti yake inaongezeka na noti zinapungua kwenye droo. Kwa hiyo anayekosa kukupa laki mbili amepungukiwa noti, pengine floti anayo tele. Vibanda vingi haviwezi kulala na laki tatu ndani, na mwenye akili hataki.

Tofauti hii ina uzito kwa sababu mtambo haufungui droo ya wakala kuhesabu noti. Ukibonyeza kabla ya kuuliza, muamala utapita vizuri, ujumbe utakuja kwenu wote wawili, salio lako litakatwa, halafu wakala atavuta droo na kukuta 70,000. Hapo pesa zako zimeshakuwa zake kwenye mtambo. Njia ya kurudi ni yeye kuziweka tena kwenye akaunti yako, na kuweka hakuna ada kwa mteja, lakini ada uliyokatwa wakati wa kutoa imekwenda, na mita ya siku imeshasoma laki mbili. Ukikimbilia kwa wakala wa pili mwenye noti, unaweza kukuta sasa kikomo ndicho kinachokuzuia. Kosa la sekunde tano limekula siku nzima. Kwa kiasi kikubwa, hesabu noti kwa macho kwanza, halafu ndipo uweke namba ya siri. Wakala mzuri hataona umemdharau. Yeye mwenyewe hatoi noti mpaka ujumbe ufike kwenye simu yake.

Atakuomba pia kitambulisho, na jina lisipolingana na la laini ana haki ya kukukatalia hata kama namba ya siri unaijua.

Kwa nini wakaweka vikomo

Jibu la kwanza ni wizi. Simu ikiibwa pamoja na namba ya siri, au mtu akirubuniwa na tapeli, kikomo ndicho kinachosema hasara ya siku itaishia wapi. Jibu la pili ni sheria ya kupambana na utakatishaji wa fedha, iliyopitishwa Kenya mwaka 2009: mamlaka hazitaki mamilioni yapite kwenye laini ya simu bila maswali ambayo benki ingeuliza. La tatu huwa halisemwi, nalo ni lile la droo. Mfumo wote umesimama juu ya vibanda vidogo vyenye noti chache, na bila kikomo watu watatu tu wangekausha mtaa mzima kabla ya saa nne asubuhi.

Sababu hizo nazikubali. Nisichokikubali ni ujumbe wa mistari miwili unaomwacha mteja akibahatisha. Mtambo unajua kwamba mama amebakiwa na nafasi ya 210,000. Kumwambia hivyo kungemaliza ubishi wote pale dirishani. Badala yake anaachwa ajaribu tarakimu moja baada ya nyingine mbele ya foleni, kila mtu akisikia ana pesa ngapi, jambo ambalo kwa mwanamke anayebeba laki mbili kwenye mkoba ni hatari kuliko kukataliwa kwenyewe.

Basi mwenyewe ndiye mwenye kutunza hesabu. Kabla ya kwenda kwa wakala, fungua taarifa ya miamala kwenye programu ya simu au kupitia *334#, ujumlishe kila kilichotoka tangu saa sita usiku, usiguse vilivyoingia. Toa jumla hiyo kwenye 500,000. Kinachobaki ndicho bomba linaweza kupitisha leo. Kisha linganisha na 250,000 ya muamala mmoja, pamoja na salio baada ya kuondoa ada. Tarakimu ndogo kuliko zote tatu ndiyo utakayopata, ukimkuta wakala ana noti.

Kama hesabu yako iko sawa na bado unakataliwa, hapo ndipo useme kuna kitu kingine: labda akaunti imezuiwa, au mtandao kweli uko chini siku hiyo. Hayo ni ya huduma kwa wateja. Ila akikupigia mtu na kusema anaweza kukuongezea kikomo ukimpa namba ya siri, kata simu. Vikomo hivi huwekwa kwa idhini ya Benki Kuu, haviongezwi kwa mazungumzo ya simu.

Na mfanyabiashara anayegonga kikomo kila wiki anatumia chombo kisicho chake. Laini ya mtu binafsi ilipimwa kwa matumizi ya mtu binafsi. Namba ya till, yaani namba ya kulipia dukani, inayopeleka mauzo benki hutenga pesa za wateja na simu ya mwenye duka, na kiasi kikubwa hutolewa kwenye kaunta ya benki, ambako laki tatu hazimshtui mtu.

Mama wa vitunguu hana till bado. Lakini jioni ile wakala alimkumbusha jambo ambalo lilikuwa wazi tangu mwanzo: mita hurudi sifuri saa sita usiku, na lori lake linaondoka saa tisa alfajiri. Hana haja ya kusafiri na laki tatu za noti. Alichukua laki mbili zake, akampigia dalali wake wa Loitokitok amtafutie wakala mwenye laki moja mezani asubuhi, akaenda kulala. Kulipokucha alikuwa na salio la 159,475 na nafasi mpya ya 500,000. Akatoa laki moja kulekule Loitokitok, ada 309, akabaki na 59,166 za kurudia nyumbani.